Kunde Themanini, Makopo Manne na Bango Moja

Picha zilifika kwenye simu yangu saa mbili usiku, sita kwa mpigo, zikifuatiwa na ujumbe wa mwalimu wa klabu ya sayansi: "Bango tumeshalibomoa, ukumbi una harusi kesho. Zilizopo ni hizo tu. Tunaomba utuandikie ripoti."

Lilikuwa bango la wanafunzi wanne wa darasa la sita katika shule moja ya msingi kwenye pwani ya Tanga. Walikuwa wamefungua boksi la televisheni, wakalikunja pande tatu ili lisimame lenyewe, wakabandika karatasi za manila na kuandika kwa makapeni. Juu kabisa, kwa herufi nyekundu: CHUMVI INAUA MBEGU! Pembeni walipamba kwa maua ya karatasi, na katikati wakabandika picha mbili za makopo yaliyotandikwa pamba.

Nimeshaandika ripoti kadhaa za namna hii, na kila mara watu huniuliza kazi iko wapi, kwa kuwa maneno yote yapo ubaoni tayari. Kazi iko hapa. Bango hutengenezwa kwa ajili ya mtu anayepita, na pembeni yake amesimama mtoto wa kulieleza. Mtoto ndiye anayesema "hapa tulianza, hapa tukapima, hapa tukashangaa." Bango likibomolewa, mtoto naye akarudi darasani, kinachobaki ni vipande: kichwa kinachopiga kelele, jedwali lisilo na maelezo, mchoro wenye rangi nzuri na sentensi zilizobandikwa pale palipokuwa na nafasi. Ripoti inatakiwa isimame bila mtoto. Msomaji ambaye hakuwepo ukumbini aweze kujua watoto walijiuliza nini, walidhani jibu ni lipi, walifanya nini hasa kwa mikono yao, na waliona nini. Tena ajue hayo kama yalivyokuwa, wala si kama mwandishi wa ripoti alivyopenda yawe.

Kabla ya kusoma, picha

Nilipoifungua picha ya kwanza na kuikuza, jedwali likageuka ukungu. Mwalimu alikuwa ametuma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, na njia hiyo hupunguza ukubwa wa picha ili isile bando. Nikamwomba azitume upya kama faili, kwa kile kitufe cha kutuma nyaraka. Zikaja kama zilivyopigwa, na nusu ya ukungu ikaondoka.

Nusu iliyobaki ilitokana na umbali. Hesabu yake ni rahisi na inafaa kuijua kabla ya kuinua simu. Kamera ya simu ya megapikseli 12 hugawa picha katika nukta 4000 kwa 3000. Bango la upana wa sentimita 120 likijaa picha nzima, kila sentimita inapata nukta kama 33. Herufi ya mwandiko wa mtoto yenye kimo cha milimita 3 inapata nukta 10 tu, na kwa nukta 10 huwezi kutofautisha 6 na 0, wala 7 na 1. Ili herufi isomeke bila kubahatisha inahitaji nukta 20 hadi 30. Kwa hiyo unasogea karibu. Ubavu mmoja wa bango una upana wa sentimita 30 hivi. Ukisimamisha simu na kuujaza upana huo, kila sentimita inapata nukta 100, na herufi ileile sasa ina nukta 30. Kwa bango lenye kimo cha mita moja kasoro, hiyo ni picha tatu kwa kila ubavu, kutoka juu kwenda chini, kila picha ikiirudia kidogo ile iliyotangulia ili mstari usipotee katikati.

Picha ya bango zima bado inahitajika, kwa sababu ndiyo ramani. Inakuonyesha kipande kipi kilikaa wapi. Na mbavu zile mbili, kwa kuwa zimekunjwa kuja mbele, lazima kila moja uipige ukiwa umesimama sawasawa mbele yake, si kutoka katikati ya bango, la sivyo maandishi yanalala na safu za jedwali zinapishana na vichwa vyake. Mwanga wa flashi uzimwe. Manila iliyofunikwa kwa selotepu inarudisha flashi kama kioo, na palipong'aa hapasomeki tena hata ukuze vipi.

Bahati nzuri mwalimu alikuwa amepiga jedwali kwa karibu, na ubavu wa kulia kwa karibu. Ubavu wa kushoto alikuwa ameupiga kwa pembe, na ua moja la karatasi lilikuwa limeinama juu ya maandishi. Ua hilo nitalirudia.

Kunakili kwanza, kupanga baadaye

Zipo programu za simu zinazonasa maandishi kutoka kwenye picha, na kwa maandishi yaliyochapwa zinaokoa muda. Mwandiko wa makapeni ni habari nyingine. Programu hukisia, na ikikisia haikuambii. Kwa bango la mkono mimi hunakili mwenyewe.

Kanuni yangu ni kwamba sipangi chochote kabla sijanakili kila kitu. Nachukua daftari, naandika K kwa ubavu wa kushoto, T kwa katikati, L kwa kulia, kisha naandika kila neno kama lilivyo, pamoja na makosa yake. Palipofichwa naandika [imefunikwa]. Pasiposomeka naandika [haisomeki]. Penye mashaka kati ya herufi au tarakimu mbili naandika zote mbili, kama [7 au 1]. Mtu akianza kupanga huku ananakili, macho yake huanza kuona kile ambacho kichwa kinakitarajia. Akijua hapa panatakiwa dhanio, ataliona dhanio hata pasipokuwepo.

Daftari langu lilijaa kurasa mbili. Ubavu wa kushoto ulikuwa na habari ya shamba: "Babu analima kunde karibu na mikoko. Maji ya bamvua yakija yanafika shambani. Kunde nyingi hazioti." Chini yake: "Tunadhani maji ya bahari yatazuia kunde kuota la [imefunikwa]." Katikati palikuwa na vifaa, hatua, picha mbili na jedwali. Kulia palikuwa na mchoro wa nguzo nne, aya fupi ya matokeo, na hitimisho ambalo lilikuwa kichwa cha habari kilekile, "Chumvi inaua mbegu", safari hii kikiwa na mistari miwili chini.

Swali lililojificha

Ukisoma bango kutoka juu, unaanza na jibu. Mabango ya shule karibu yote yako hivyo, na si kosa, maana kichwa kazi yake ni kumsimamisha mpita njia. Lakini ripoti ikianza na "Chumvi inaua mbegu", msomaji hatajua jaribio lilifanywa kujibu nini.

Swali halikuwa limeandikwa popote kwa alama ya kuuliza. Lilikuwa ndani ya ile habari ya babu. Hapa mwandishi anakuwa na vishawishi viwili. Kimoja ni kutunga swali zuri la kitabuni, kwa mfano "ni kiwango gani cha chumvi kinachoathiri uotaji wa kunde?" Kingine ni kunakili tu kwamba kunde za babu hazioti, jambo ambalo ni tatizo, bado si swali. Nilichofanya ni kuangalia jaribio lenyewe. Makopo manne yalitofautiana kwa kitu kimoja, maji: ya bomba, ya chumvi kijiko kimoja, ya chumvi vijiko viwili, ya bahari. Jaribio haliwezi kujibu swali la udongo, wala la wadudu, wala la mbegu kuukuu, ingawa yote hayo yanaweza kuwepo shambani kwa babu. Linaweza kujibu moja tu: je, chumvi kwenye maji inapunguza idadi ya kunde zinazoota? Nikaliandika hivyo, na pembeni nikaweka alama kuonyesha kwamba maneno ya swali ni yangu, yametolewa kwenye hatua zao. Kisha nikanakili habari ya babu kama ilivyo, iwe chanzo cha swali.

Ua la karatasi

Dhanio, ambalo vitabu vya juu huliita nadharia tete, ni kile watoto walichodhani kabla ya kuona. Ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi katika ripoti za shule, na huharibiwa kwa nia njema. Mwalimu au mzazi anaona matokeo yamekwenda tofauti, anamhurumia mtoto, anarekebisha dhanio lifanane na matokeo. Au mtoto mwenyewe anaandika dhanio baada ya jaribio. Dalili yake huonekana: dhanio lina namba kamili zilezile za jedwali, au limeandikwa kwa wakati uliopita, "tuliona kuwa".

Dhanio la watoto hawa lilikuwa salama kwa mtazamo huo, ila lilikatwa na ua. "Tunadhani maji ya bahari yatazuia kunde kuota la". Ningeweza kuishia hapo. Ilikuwa sentensi inayojitosheleza, na matokeo yaliiunga mkono waziwazi, maana kopo la maji ya bahari halikuotesha hata kunde moja. Ningeandika "dhanio limethibitika" na kulala. Ile "la" ndiyo iliyonizuia.

Asubuhi nilikwenda shuleni. Wanafunzi waliitwa, wakaniamkia, na msichana aliyekuwa ameandika ubavu wa kushoto akaniambia bila kufikiri: "Lakini chumvi kidogo haitadhuru." Alikuwa na daftari lao la mwanzo, na maneno hayo yalikuwamo kwa penseli, tarehe ya juma moja kabla ya kuloweka mbegu.

Sasa dhanio lilikuwa na pande mbili, na upande wa pili haukuwa na uhakika kama wa kwanza. Ile "la" niliyodhani ni mwanzo wa neno lolote ndiyo iliyobeba nusu ya mawazo yao. Nikaandika dhanio zima, na chini yake nikaeleza kuwa nusu ya pili imetoka kwenye daftari, haionekani kwenye picha.

Hatua ambazo bango halikuzisema

Sehemu ya njia katika bango ilikuwa na mistari mitano. Makopo manne ya majarini. Pamba. Kunde 20 katika kila kopo. Maji vijiko vikubwa viwili kila asubuhi. Kabatini darasani, siku saba.

Kwa kuipima sehemu hii mimi hujiuliza kama mtoto wa shule nyingine, asiyewajua hawa, angeweza kurudia jaribio kwa kusoma mistari hiyo. Mambo matatu yangemkwamisha. La kwanza ni chumvi. "Kijiko kimoja" katika maji kiasi gani, na kijiko gani? Picha iliyobandikwa ilinisaidia kidogo, maana ilionyesha chupa ya maji ya lita moja karibu na makopo, lakini picha ya chupa haithibitishi kipimo. Watoto walisema ni kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kidole, katika lita moja. Kijiko cha chai cha chumvi laini ni gramu kama 6. Kwa hiyo kopo B lilikuwa na gramu kama 6 kwa lita na kopo C kama 12. Maji ya bahari yana gramu kama 35 kwa lita, na hapo msomaji anaona kuwa C ilikuwa karibu theluthi ya bahari. Makadirio hayo niliyaweka kwenye mabano na neno "kama", kwa kuwa hakuna aliyepima kwa mizani.

La pili ni maana ya kuota. Kunde iliyovimba na kupasuka ganda imeota? Wavulana wawili walitazamana. Msichana akasema wao walihesabu kunde iliyotoa mzizi unaoonekana. Mmoja akaongeza kuwa siku ya tatu walibishana juu ya mbili za kopo B. Nikaliandika na hilo.

La tatu bango lilikana lenyewe. Hatua zilisema makopo yote yalikaa kabatini, lakini kwenye picha moja kopo C lilikuwa dirishani, jua likilipiga. Hapa ripoti haina haki ya kuchagua. Inaandika kwamba maandishi yanasema kabati na picha inaonyesha dirisha, kisha inauliza. Jibu lilikuwa jepesi: walilitoa siku moja ili lipigwe picha kwenye mwanga, wakalirudisha. Ingekuwa lilikaa dirishani siku zote saba, kopo C lingekuwa limetofautiana na mengine kwa chumvi na kwa joto pia, na matokeo yake yasingeweza kulinganishwa.

Tarakimu moja, mashahidi wawili

Jedwali lilikuwa na mistari minne na safu tatu, siku ya 3, ya 5 na ya 7. Kopo A, la maji ya bomba: 14, 18, 18. Kopo B: 9, 15, 16. Kopo C: 2, 5, kisha [7 au 1]. Kopo D, la bahari: 0, 0, 0.

Ile tarakimu ya mwisho ya C ilikuwa mstari mmoja wenye kichwa kidogo kilichopinda. Kwa macho tu nisingeweza kuapa. Lakini jedwali lina mantiki yake ndani. Namba hizi ni jumla ya zilizoota hadi siku hiyo. Kama siku ya tano zilikuwa tano, siku ya saba haziwezi kuwa moja, isipokuwa kama kuna mtu alizitoa. Huyo ni shahidi wa kwanza. Wa pili ni mchoro wa ubavu wa kulia, ambao mtoto mwingine aliuchora kwa kalamu nyingine. Nguzo ya C ilifika asilimia 35. Asilimia 35 ya kunde 20 ni 7. Mashahidi wawili wasiotegemeana wakisema jambo moja, naandika 7 bila mabano, na kwenye maelezo nasema nimeijuaje.

Ukaguzi huohuo wa mchoro dhidi ya jedwali niliufanya kwa nguzo zote. A, 18 kati ya 20, asilimia 90, sawa. B, 16 kati ya 20, asilimia 80, sawa. D, sifuri, sawa. Kisha nikaifikia aya ya matokeo, na ndani yake palikuwa na sentensi: "Kopo B zilikuwa asilimia 83."

Mbegu zikiwa 20, kila moja ni asilimia 5. Kwa hiyo asilimia inaweza kuwa 80 au 85, lakini 83 haiwezi kuwa. Ingehitaji kunde 16 na zaidi ya nusu ya nyingine. Hesabu hii ndogo ni ya kuikumbuka kwa bango lolote lenye idadi ndogo ya vitu: gawanya 100 kwa idadi, na kila asilimia iliyoandikwa lazima iangukie kwenye hatua hizo, isipokuwa imekadirishwa. Vinginevyo kuna kitu hakijasemwa.

Nakiri kwamba usiku ule nilishaandika 80 juu ya 83 kwa penseli. Jedwali lilisema 80, mchoro ulisema 80, nikaona ni kuteleza kwa mtoto. Asubuhi nikauliza tu kwa kukamilisha utaratibu. Mvulana mmoja, mpole, ambaye hadi hapo hakuwa amesema neno, akachukua kalamu akaandika: 15 gawanya kwa 18. Ni 0.83.

Alikuwa amechukua siku ya tano. Kopo la maji ya bomba lilikuwa na kunde 18, kopo B 15. Akasema hata maji mazuri hayakuotesha zote 20, zile mbili huenda zilikuwa mbovu tangu dukani, kwa hiyo si haki kuilaumu chumvi kwa mbegu ambazo hata bomba halikuziotesha. Alikuwa amelinganisha na kopo la A, jambo ambalo ndilo kopo hilo liliwekwa kwa ajili yake. Hakuna aliyemfundisha. Alichokosa ni kuandika tu kwamba ni asilimia 83 ya nini, na ya siku gani.

Nikaifuta penseli yangu. Kama ningeisahihisha ripoti kimya kimya, ningekuwa nimefuta wazo bora kuliko yote lililokuwa kwenye bango lile.

Hitimisho ni lao, maelezo ni yangu

Hitimisho la watoto linaingia kwenye ripoti kwa maneno yao, hata kama limezidi ushahidi. "Chumvi inaua mbegu" limezidi. Kunde za kopo D hazikuota, lakini mbegu isiyoota si lazima iwe imekufa. Mbegu huanza kwa kunywa maji, na maji yenye chumvi nyingi hayaingii kirahisi ndani ya mbegu. Chumvi huyavuta yabaki nje. Huenda kunde zile zilikuwa na kiu ndani ya maji. Huenda pia chumvi yenyewe ilishaingia na kuzidhuru. Jaribio hili haliwezi kutenganisha hayo mawili. Njia ya kuyatenganisha ipo na haihitaji fedha: unaziosha kunde za kopo D kwa maji ya bomba, unaziweka kwenye pamba safi, unangoja juma moja. Zikiota, hazikuwa zimekufa.

Jambo jingine linalotakiwa kuandikwa ni uvukizi. Makopo yalikuwa wazi. Maji hupaa, chumvi hubaki, na kila asubuhi watoto waliongeza maji mengine yenye chumvi. Kufikia siku ya saba kopo B lilikuwa na chumvi kali kuliko ile ya kijiko kimoja kwa lita. Na kila aina ya maji ilikuwa na kopo moja tu, kwa hiyo tofauti ya kunde mbili kati ya A na B mwishoni, 18 na 16, inaweza kuwa bahati tu. Tofauti ya siku ya tatu, 14 na 9, inatia shaka zaidi, ingawa mbili katika zile za B zilibishaniwa.

Haya yote niliyaweka mwisho, chini ya kichwa chake peke yake, na jina la aliyeyaandika, ili pasiwe na mtu wa kudhani ni watoto walioyasema. Ukiyachanganya na sehemu yao, ripoti inakuwa na akili ya mtu mzima ndani ya kazi ya mtoto, na msomaji hawezi tena kujua nani alifikiri nini. Picha nazo nilizikata kabla ya kuzibandika, maana mbili zilionyesha nyuso na moja ilikuwa na majina kamili. Ripoti itasomwa na watu wasiowajua, na wazazi hawakuwa wameulizwa.

Sehemu kuu ya ripoti ilitoka hivi:

Chanzo. "Babu analima kunde karibu na mikoko. Maji ya bamvua yakija yanafika shambani. Kunde nyingi hazioti." (Bango, kushoto.)

Swali. Je, chumvi kwenye maji inapunguza idadi ya kunde zinazoota? (Maneno ya mwandishi wa ripoti, kutokana na hatua za jaribio.)

Dhanio. "Tunadhani maji ya bahari yatazuia kunde kuota, lakini chumvi kidogo haitadhuru." (Nusu ya kwanza bangoni, nusu ya pili daftarini.)

Njia. Makopo manne yenye pamba, kunde 20 kila moja. A maji ya bomba; B chumvi kijiko kimoja cha chai kwa lita (kama gramu 6); C vijiko viwili (kama gramu 12); D maji ya bahari. Vijiko vikubwa viwili vya maji kila asubuhi, kabatini, siku saba. Kunde ilihesabiwa imeota ilipotoa mzizi unaoonekana. Kipimo cha lita na maana ya kuota vimetolewa na wanafunzi kwa mdomo.

Matokeo. Siku ya 3, ya 5 na ya 7: A 14, 18, 18. B 9, 15, 16. C 2, 5, 7. D 0, 0, 0. Siku ya 5, kopo B liliotesha asilimia 83 ya idadi iliyoota katika kopo A (15 kwa 18, hesabu ya wanafunzi).

Dhanio na matokeo. Upande wa kwanza unaungwa mkono. Upande wa pili haujathibitika: kunde za kopo B zilichelewa siku ya 3, na mwishoni zilipungua kidogo.

Mstari ule wa mwisho ndio uliozua mjadala nilipowasomea. Msichana wa ubavu wa kushoto hakuupenda. Alisema 16 na 18 ni karibu sawa, kwa hiyo chumvi kidogo haikudhuru na wao walikuwa sahihi. Yule mpole akasema siku ya tatu ilikuwa 9 kwa 14, na babu akiona kunde zimechelewa hangojei, anapanda upya. Wakabishana hadi kengele ikalia. Nikaongeza sentensi moja kwamba wanafunzi hawakukubaliana juu ya upande wa pili, na nikaziandika sababu za pande zote mbili.

Mwalimu alichapisha nakala tatu. Kabla sijaondoka nilimwuliza kunde za kopo D ziko wapi, nikidhani zilishatupwa. Alifungua kabati. Kopo lilikuwepo, pamba imekauka, na ukoko mweupe wa chumvi umezunguka kunde zote ishirini. Msichana alishatangulia kwenda bombani kuchota maji.